Hati Moja Ikizaa Nne

Mzee mwenye shamba la ekari tano akiligawanya sehemu nne, atapata hatimiliki nne, na zote nne zitatoka zikiwa na jina lake yeye. Wengi hawalijui hilo hadi siku ya kwenda kuchukua karatasi kwenye ofisi ya msajili wa ardhi. Watoto huja wakitarajia kila mmoja kuona jina lake. Mnunuzi aliyekwisha kulipa arubuni huja na kitambulisho mfukoni. Wote huambiwa jambo moja: shamba limegawanywa, lakini halijahamishwa. Kugawanya ni shughuli moja na kuhamisha umiliki ni shughuli nyingine, na hapo katikati ndipo fedha na amani ya familia nyingi za Kenya zilipopotelea.

Ili njia yenyewe ionekane, tuchukue shamba la mfano upande wa Kaloleni, Kaunti ya Kilifi. Ni mstatili, upana wake mita 101 na urefu wake mita 200. Upande mmoja mfupi unapakana na barabara ya kaunti, na nyuma kuna minazi mikongwe na shamba la jirani. Hatimiliki inasema hekta 2.02, ambazo ni ekari tano. Tuseme namba ya shamba kwenye sajili ni 812. Mwenye shamba ana watoto watatu, na kila mmoja anataka kumwachia kipande chake angali hai. Kipande cha nne anataka kukiuza, kwa sababu shughuli yote inahitaji fedha na hana pengine pa kuzitoa.

Kabla ya kumwita mpima, mzee anapaswa kufanya sachi, yaani kuomba taarifa rasmi ya yale yaliyoandikwa kwenye sajili kuhusu shamba namba 812. Nairobi na katika kaunti nyingine ambazo rekodi zake zimeingizwa kwenye mtandao, ombi hupitia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa mwaka 2021. Kwingineko mtu huenda mwenyewe kwenye ofisi ya usajili. Anachotaka kujua si kama jina lake lipo tu. Anatafuta rehani ya benki, zuio lililowekwa na ndugu, au amri ya mahakama. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka msajili, anapofunga sajili ya shamba mama na kufungua sajili mpya, ahamishe kila ingizo ambalo bado lina nguvu. Kwa hiyo deni la benki halibaki nyuma kwenye hati ya zamani. Linaingia kwenye vipande vyote vinne, hata kile alichopewa binti ambaye hakukopa hata shilingi. Benki isipokubali, mgawanyo wenyewe haufiki mbali.

Sachi ikiwa safi, linakuja suala ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu ni kubwa kuliko yote, nalo ndilo hufikiriwa kwa muda mfupi zaidi: barabara.

Wengi wakiachiwa wenyewe hukata shamba kwa urefu. Kwenye mfano wetu, vingetoka vipande vinne, kila kimoja na upana wa mita 25 na robo na urefu wa mita 200. Vyote vinne vinagusa barabara ya kaunti, hakuna ardhi iliyopotea, na kila mtoto ana sawa na mwenzake. Haki inaonekana imetendeka. Lakini mtu anayekaa kwenye kipande cha namna hiyo ana ukanda, na baada ya miaka ishirini naye atakuwa na watoto. Akitaka kuugawanya ukanda wake, atalazimika kupitisha njia ndani yake hadi nyuma. Njia ya mita 9, ambayo ni kipimo kinachodaiwa mara nyingi na maofisa wa mipango kwa barabara ya kuingilia ploti chache, itamwachia ukanda wa mita 16. Humo atoe nafasi ya kujenga, choo, kisima, na umbali wa kutosha kutoka kwa jirani. Kizazi cha pili kitakuwa kimefungiwa na mistari iliyochorwa na kizazi cha kwanza.

Njia ya pili ni kukata shamba kwa upana. Barabara ya mita 9 inapitishwa ubavuni, kutoka barabara ya kaunti hadi mwanzo wa kipande cha mwisho. Urefu wake ni mita 150. Vipande vitatu vya mbele vinakuwa na mita 92 kwa 50, yaani hekta 0.46 kila kimoja. Cha nyuma, ambacho hakikatwi na barabara, kinabaki na mita 101 kwa 50, yaani hekta 0.505. Barabara inakula mita za mraba 1,350, ambazo ni kama thuluthi moja ya ekari. Mzee akisikia thuluthi ya ekari inatolewa bure, moyo unamshtuka. Ni haki yake kushtuka. Lakini kwa thuluthi hiyo ananunua vipande vinne vyenye umbo la kujengeka na kulimika, na kila kimoja kinaweza kugawanywa tena bila kumwomba ndugu njia.

Barabara hiyo haipewi hatimiliki. Inatolewa kwa umma na kuonyeshwa kwenye ramani kama njia, bila namba ya shamba. Kwenye migawanyo mikubwa zaidi kaunti hudai pia nafasi ya matumizi ya umma, kama shule au uwanja. Nafasi za namna hii zina historia chungu nchini. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja kilichoko Nyali karibu na ufuo wa bahari. Kampuni ilikuwa na hatimiliki, na ilikuwa imenunua kutoka kwa aliyekuwa na hatimiliki. Mahakama ilisema ardhi ile ilikuwa nafasi ya wazi ya umma, kwamba haikugawiwa kwa kufuata sheria tangu mwanzo, na kwamba hati iliyotokana na mwanzo huo haiwezi kulindwa hata ikiwa mkononi mwa mtu wa tatu. Tangu uamuzi huo mawakili wengi hawaridhiki tena na sachi peke yake. Wanafuata hati nyuma hadi pale ilipozaliwa, na mara nyingi mahali penyewe ni kwenye mgawanyo.

Mpango wa barabara na vipande ukishakubaliwa nyumbani, huchorwa na mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa na kupelekwa kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inahesabu kugawanya ardhi kuwa uendelezaji, kwa hiyo kibali kinahitajika kama kinavyohitajika kwa jengo. Maofisa wa barabara, afya ya umma, mazingira na upimaji huulizwa maoni yao. Wanaangalia kama barabara mpya inakutana vizuri na ya zamani, kama kona zimekatwa ili gari lipinde, kama mwisho wa njia una nafasi ya kugeuzia, na kama maji ya mvua yana pa kupita. Sheria inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali kihesabiwe kuwa kimetolewa. Wachache sana huitegemea fursa hiyo, kwa sababu msajili huko mbele atataka kuona karatasi yenye muhuri. Karatasi hiyo makarani wengi bado wanaiita PPA2, jina lililobaki kutoka sheria iliyotangulia.

Kama vipande vitakuwa vidogo kiasi cha kutofaa kilimo, kaunti itadai kwanza matumizi ya ardhi yabadilishwe kutoka shamba hadi makazi. Hilo ni ombi jingine lenye ada yake na tangazo lake, ili jirani mwenye pingamizi apate kulileta. Shamba letu la Kaloleni limeponea hapo. Vipande vyake vina zaidi ya ekari moja kila kimoja, na vitaendelea kuwa mashamba.

Lakini kwa kuwa ni mashamba, kuna mlango mwingine. Sheria ya Kudhibiti Ardhi, iliyoanza kutumika mwaka 1967, inasema ardhi ya kilimo haigawanywi katika hati tofauti bila idhini ya bodi ya eneo, ambayo wananchi huiita landi bodi. Shughuli iliyofanywa bila idhini hiyo ni batili. Mnunuzi aliyelipia ardhi ya namna hiyo anaweza kudai fedha zake kama deni, si ardhi. Mahakama zimewahi kuwaonea huruma wanunuzi waliokaa na kujenga kwa miaka mingi, ila zimewahi pia kuwatoa. Kutegemea huruma ya mahakama ni kujiweka pabaya.

Bodi huongozwa na naibu kamishna wa kaunti au mwakilishi wake, na wazee wa eneo hukaa humo kama wajumbe. Kwa kawaida hukutana mara moja kwa mwezi. Wanafamilia huketi kwenye mabenchi, wengine chini ya mti nje, hadi namba ya shamba lao isomwe. Mzee husimama na mkewe na watoto waliofikia utu uzima.

"Mama," mwenyekiti huuliza, "hili shamba mnaligawanya, na kipande kimoja kinauzwa. Unalijua jambo hili?"

"Nalijua, mheshimiwa. Tumekubaliana nyumbani."

"Na nyinyi watoto?"

Wakati mwingine hapo ndipo mambo huharibika. Kijana wa pili anasema hakuwa anajua kwamba kipande cha mbele ndicho kinachouzwa. Bodi haibishani naye. Faili linawekwa kando na familia inaambiwa ikazungumze, irudi mwezi ujao. Mwanafamilia anaweza kuudhika kwa kupoteza mwezi mzima, lakini mwezi huo ni nafuu kuliko zuio litakalowekwa kwenye sajili baada ya mnunuzi kulipa. Sheria inaitaka bodi ikatae pia pale mgawanyo unapoelekea kupunguza uzalishaji wa ardhi. Ndiyo sababu mtu anayepeleka shamba la ekari moja lenye mahindi akitaka vipande kumi hurudishwa akabadilishe matumizi kwanza.

Idhini ikipatikana, mpima mwenye leseni anaingia shambani. Mafundi wake hufyeka mstari kwa panga kupitia vichaka ili pembe moja ionane na nyingine. Mmoja husimamisha nguzo ndefu yenye kipokezi cha setilaiti kichwani, akaishikilia wima akitazama kiputo cha maji kitulie katikati, huku mpima akisoma vipimo kwenye kifaa cha mkononi. Kwanza hatafuti mipaka mipya. Anatafuta ya zamani.

Hapa ndipo hekta 2.02 zilizoandikwa kwenye hati zinapojaribiwa. Sehemu kubwa ya mashamba ya Kenya ilisajiliwa kwa mfumo wa mipaka ya jumla. Picha zilipigwa kutoka angani, zikakuzwa, na mistari ikachorwa kwa kufuata ua, mitaro na njia zilizoonekana kwenye picha. Ramani iliyotokana nazo inaonyesha shamba lipi liko karibu na lipi. Sheria yenyewe inasema mipaka kwenye ramani hiyo ni ya kukadiria, na ndiyo maana neno la kukadiria huandikwa pia kando ya ukubwa kwenye hatimiliki. Mpima wetu anapima kutoka ua hadi ua na kupata urefu wa mita 196, si 200. Mita nne kwa upana wa mita 101 ni mita za mraba 404, karibu sehemu moja ya kumi ya ekari.

Mzee atasema jirani amesogeza ua. Huenda ni kweli. Huenda pia ua haukuwahi kuwa mahali pengine, na makadirio ya zamani ndiyo yaliyokuwa na ukarimu. Mpima mwaminifu humwonyesha mwenye shamba tofauti hiyo papo hapo, wakiwa wamesimama kwenye pembe yenyewe, kisha hugawanya kilichopo ardhini. Mpima asiye mwaminifu huandika mita 200 ili jumla ilingane na hati, na mtu wa kipande cha mwisho hubaki na mita nne zilizomo kwenye karatasi na ndani ya shamba la jirani. Kwenye mfano wetu kipande cha nyuma kinakuwa na mita 46 badala ya 50. Familia inaamua kukubali hivyo, kwa sababu hata sasa kipande hicho, chenye mita za mraba 4,646, ni kikubwa kidogo kuliko vile vya mbele.

Wanaotaka uhakika zaidi wanaweza kuomba mipaka maalumu, ambapo kila bikoni hupewa majira yake kamili na ramani ya upimaji ikaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji. Gharama yake ni kubwa zaidi, na mashamba mengi ya urithi hayafiki huko.

Pembe zikishakubaliwa, bikoni zinachimbiwa, na mpima anajaza fomu ya mgawanyo, ambayo ofisini na mitaani huitwa myutesheni. Kwa macho ni karatasi ya kawaida. Ina mchoro wa shamba mama, mistari mipya, urefu wa kila upande, ukubwa wa kila kipande, upana wa barabara, na sahihi za mwenye shamba na mpima. Lakini hakuna karatasi nyingine katika safari hii itakayoulizwa mara nyingi zaidi baadaye. Bikoni ikipotea, vipimo vya kuirudisha vitatoka hapa. Kila mtoto, na kila mnunuzi, angefaa kuwa na nakala yake.

Myutesheni hupelekwa kwa mpima wa serikali wa kaunti. Anakagua kama mchoro unalingana na kibali cha kaunti na idhini ya bodi, kama vipande ni vinne na si vitano, na kama barabara ni mita 9 kweli. Kisha anatoa namba mpya. Vipande havirithi namba ya mama yao kwa kuongezewa herufi. Tuseme eneo lile la usajili lilikuwa limefikia namba 2340. Vipande vyetu vitakuwa 2341, 2342, 2343 na 2344. Namba 812 haitatumika tena.

Ndipo msajili anapofanya kazi yake. Mzee anasalimisha hatimiliki halisi pamoja na kibali cha kaunti, idhini ya bodi na myutesheni. Kadi ya kijani ya namba 812, ambayo ndiyo sajili yenyewe, inaandikwa kwamba imefungwa kwa sababu ya mgawanyo na namba zilizotokana nayo zinatajwa. Kadi nne mpya zinafunguliwa, na hati nne zinachapishwa kwa jina la mzee.

Mnunuzi anayeletewa mojawapo ya namba hizo ana mambo machache ya kukagua, na kila moja lina sababu yake. Afanye sachi ya namba mpya, lakini afanye na ya namba ya zamani. Kama 812 bado iko wazi kwenye sajili, ardhi moja ina hati mbili, na mtu mwingine anaweza kuwa ameonyeshwa ile nyingine. Halafu anunue nakala ya ramani ya eneo kutoka idara ya upimaji na kutafuta 2341 kwa macho yake. Kosa linalotokea mara nyingi ni myutesheni kusajiliwa huku ramani ikibaki bila kurekebishwa. Hati inatolewa, watu wanajenga, na miaka inapita. Siku mtu anapotaka mkopo, mthamini wa benki anafungua ramani na kukuta shamba 812 zima, halina hata mstari mmoja katikati. Kurekebisha wakati huo kunamlazimu mtu kutafuta myutesheni ya zamani, na pengine mpima aliyeichora hayupo tena.

Kwenye ramani hiyo hiyo aangalie barabara. Ikiwa haina namba, ni njia ya umma. Ikiwa ina namba yake, hiyo ni ardhi ya mtu. Kuna wauzaji ambao huacha njia kwenye kipande kilichobaki kwa jina lao, wakiwaambia wanunuzi kwamba ni ya wote. Muuzaji akifariki, warithi wake wanarithi njia, na wenye ploti za nyuma hujikuta wakinunua ruhusa ya kupita mahali walipopita kwa miaka kumi.

Yapo pia matangazo ya ploti za nusu ya robo ekari, zenye futi 50 kwa 100. Hesabu hazilingani. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, karibu mita za mraba 465. Sehemu ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445, karibu mita za mraba 506. Hati ya ploti ya namna hiyo huandikwa takriban hekta 0.046, na mnunuzi aliyeahidiwa sehemu ya nane amepungukiwa na mita za mraba 41, eneo la vyumba viwili au vitatu vya kulala. Kwa hiyo mkataba wa mauzo ungetaja hekta na vipimo vya kila upande, si jina la sokoni.

Hatari kubwa kuliko zote ni kununua kabla ya namba kuzaliwa. Mashamba mengi hutangazwa yakiwa bado kwenye hati mama. Mnunuzi huonyeshwa vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu na kupewa mchoro wenye maandishi "Ploti 7". Ploti 7 haimo kwenye sajili yoyote. Haiwezi kufanyiwa sachi, na fedha zikishatolewa, mnunuzi anategemea muuzaji apitie kaunti, bodi, mpima na msajili bila kuishiwa nguvu, kukopea hati mama, au kufariki njiani. Akifariki, mirathi inaanza, na hakuna kitakachogawanywa hadi mahakama iteue wasimamizi. Anayelazimika kununua katika hatua hiyo afadhali fedha zikae kwa mawakili wa pande zote mbili hadi hati ya kipande itoke, na mkataba utaje barabara, ukubwa, na nani anayelipia mgawanyo.

Turudi kwa mzee wetu, ambaye sasa ana hati nne. Ili kipande 2341 kiende kwa mnunuzi, anarudi kwenye bodi ile ile kuomba idhini ya kuhamisha, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa ya kugawanya tu. Sheria inataka ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano ya mauzo. Kipande kinathaminiwa, na mnunuzi analipa ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani au asilimia 4 kwa ardhi ya mjini. Baada ya hapo jina la mzee linafutwa kwenye kadi ya 2341 na la mnunuzi linaingizwa. Kwa kila mtoto, mzunguko wa idhini na usajili unarudiwa. Familia nyingi huchoka hapa na kusema hati ziko nyumbani, zitabadilishwa baadaye. Mzee akiondoka kabla ya hapo, vipande vyote vitatu vinaingia kwenye mirathi kama mali yake, hata kama kila mtoto amekwisha kujenga pake na kupanda minazi yake.

Na mpaka ukizua ugomvi miaka ijayo, mahali pa kwanza pa kwenda si mahakamani. Sheria ya mwaka 2012 inaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili hajauamua mpaka huo mwenyewe. Msajili huwaandikia majirani wote siku ya kufika, huja na mpima wa serikali, na pande zote husimama kwenye pembe inayogombaniwa. Kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa la jinai, lakini kuthibitisha nani aliyeisogeza ni kazi ngumu. Mpima hufungua nakala ya myutesheni, husoma urefu ulioandikwa kutoka bikoni iliyosalia, na kuanza kupima.